Kitovu Kimoja au Viungo Kila Upande: Kuunganisha Mitandao Pepe ya Wingu

Mtandao pepe ni sehemu ya wingu iliyotengwa kwa ajili ya mteja mmoja, yenye anwani zake, seva zake na majedwali yake ya njia. Katika wingu la Amazon mtandao wa namna hii huitwa VPC, na ukishaundwa hauonani na mwingine wowote hata kama yote miwili ni mali ya kampuni moja. Kutengana huko ndiko kunakolinda data. Tatizo huanza pale mfumo wa malipo unapotaka kuzungumza na mfumo wa wateja ulio katika mtandao wa pili.

Tangu mwaka 2014 Amazon imetoa njia nyepesi ya kutatua hilo, nayo ni VPC Peering. Mitandao miwili hufungiwa kiungo cha moja kwa moja: upande mmoja huomba, upande wa pili hukubali, kisha kila upande huandika katika jedwali lake kwamba anwani za mwenzake zipitie kiungo hicho. Hakuna kifaa cha kati, kwa hiyo hakuna kituo cha ziada cha kuchelewesha pakiti. Kwa mitandao miwili au mitatu ni vigumu kupata njia bora kuliko hii.

Lakini kiungo hicho kina sharti moja kubwa: hakipitishi msafara wa mtu wa tatu. Mtandao wa kwanza ukiunganishwa na wa pili, na wa pili na wa tatu, bado wa kwanza haufiki kwa wa tatu. Pakiti iliyotumwa kwa matumaini ya kupita katikati hutupwa. Sharti hilo hugusa hata ofisi zilizo nje ya wingu. Kama makao makuu yameunganishwa na mtandao mmoja kwa VPN, mitandao mingine haiwezi kuazima VPN hiyo kupitia viungo vyake. Kila mmoja utahitaji ya kwake.

Kwa sababu hiyo kila jozi inayotaka kuzungumza hulazimika kuwa na kiungo chake, na jozi huongezeka haraka kuliko mitandao yenyewe. Mitandao 4 ina jozi 6. Mitandao 10 ina jozi 45, na kila jozi huhitaji mstari mmoja katika jedwali la kila upande, yaani mistari 90 kwa uchache. Ukija mtandao wa 11, mhandisi hufunga viungo 10 vipya na kugusa majedwali ya mitandao yote iliyotangulia. Amazon huruhusu viungo 50 kwa kila mtandao, na kwa maombi maalumu hadi 125, lakini kikomo hicho si kinachochosha watu kwanza. Wengi huchoshwa na mstari mmoja uliosahaulika kati ya tisini, ambao hugunduliwa siku huduma inapogoma.

Mwishoni mwa mwaka 2018 kilikuja kitovu, kwa jina la Transit Gateway. Muundo wake ni wa gurudumu la baiskeli: kitovu katikati, na kila mtandao ni spoki inayofika hapo tu. Mitandao 10 huhitaji viambatisho 10 badala ya viungo 45. Kama anwani zote zimepangwa ndani ya 10.0.0.0/8, kila mtandao huandika mstari mmoja tu unaosema kwamba chochote cha 10 kisicho changu kiende kwa kitovu. VPN ya makao makuu nayo hufungwa kwenye kitovu mara moja, ikatumiwa na wote.

Kitovu kina majedwali yake ya njia, na hapo ndipo penye nguvu ya muundo huu. Kila kiambatisho huhusishwa na jedwali moja tu, lile linalosomwa pakiti inapoingia kutoka kwake. Lakini kinaweza kutangaza anwani zake katika majedwali mengi. Katika kampuni ya mitandao 10, tuseme 6 ni ya uzalishaji, 3 ya majaribio na mmoja wa huduma za pamoja. Mitandao ya majaribio husoma jedwali lenye njia za majaribio na za huduma za pamoja peke yake. Ya uzalishaji husoma jedwali jingine, na mtandao wa huduma za pamoja husoma la tatu lenye njia za wote. Seva ya majaribio ikituma pakiti kwenda uzalishaji, kitovu hakioni njia, na pakiti hufa hapo hapo. Asiyepanga hivi ajihadhari: kwa mpangilio wa kawaida viambatisho vyote huingizwa katika jedwali moja, na kila mtandao hufika kwa kila mwingine.

Hitilafu mbili hujirudia sana. Ya kwanza ni kudhani kwamba njia zinazotangazwa ndani ya kitovu hujiandika zenyewe katika majedwali ya mitandao. Hazijiandiki. Mhandisi akisahau mstari wa kurudi, kumbukumbu za mtiririko katika mtandao wa mpokeaji huonyesha maombi yakifika na kukubaliwa, ilhali mtumaji hapati jibu mpaka muda unaisha. Ya pili ni ya kanda. Kiambatisho huwekwa kwa kuchagua mtandao mdogo katika kila kanda ya vituo vya data, na seva zilizo katika kanda iliyoachwa haziwezi kukifikia kitovu. Dalili yake huchanganya: ndani ya mtandao uleule, wenye jedwali lilelile, baadhi ya seva zinafika na nyingine hazifiki.

Lipo jambo ambalo muundo wowote hauliponyi, nalo ni anwani zinazogongana. Mitandao miwili yenye 10.0.0.0/16 haiwezi kufungiwa kiungo kabisa. Kitovu kitaikubali yote miwili, lakini njia za uliochelewa hazitatangazwa.

Gharama hutofautiana kwa namna isiyotegemewa. Kiungo cha wawili hakina ada ya saa. Data ikibaki ndani ya kanda moja ni bure. Ikivuka kanda, kila upande hulipa senti 1 ya dola kwa gigabaiti. Kitovu, kwa bei za Virginia ya Kaskazini, hutoza senti 5 kwa saa kwa kila kiambatisho na senti 2 kwa kila gigabaiti. Viambatisho 10 kwa mwezi wa saa 730 ni dola 365 kabla ya data yoyote kupita. Mfumo mmoja unaonakili gigabaiti 50,000 kwa mwezi kwenda mtandao jirani katika kanda ileile utaongeza dola 1,000 kupitia kitovu, wakati kiungo cha moja kwa moja kisingetoza kitu. Ikivuka kanda, tofauti hiyo ya data hutoweka.

Ndiyo maana busara ni kuchanganya: kitovu kwa wote, na kiungo cha pekee kwa jozi yenye mzigo mzito. Hilo linawezekana kwa sababu njia mahususi zaidi hushinda ile pana:

```
10.2.0.0/16   local
10.4.0.0/16   pcx-0a1b2c3d
10.0.0.0/8    tgw-0f1e2d3c
```

Hapa pakiti za 10.4 hupita kiungo cha moja kwa moja na nyingine zote za 10 huenda kwa kitovu. Kanuni hiyohiyo hurahisisha kuhama. Mistari ya kitovu huongezwa kwanza bila kubadili chochote, kisha mistari ya viungo hufutwa jozi moja baada ya nyingine, pande zote mbili kwa pamoja. Kabla ya kufuta, hukaguliwa ukubwa wa pakiti, kwa kuwa kiungo ndani ya eneo moja hubeba hadi baiti 9001 na kitovu 8500. Hukaguliwa pia kanuni za usalama zinazotaja makundi ya usalama ya mtandao wa upande wa pili, jambo ambalo kitovu kilianza kuliruhusu mwaka 2024, na ni lazima liwashwe. Kiungo chenyewe huvunjwa mwisho, baada ya kumbukumbu kuonyesha kwamba hakuna tena kinachopita humo.