Kwa Nini Linux ya Intel Hujikokota Ndani ya Mac Mpya

Tangu Apple ianze kuuza Mac zenye chipu ya M1 mwishoni mwa 2020, lalamiko moja limekuwa likijirudia kwa wanaojifunza Linux. Mtu ana kompyuta yenye nguvu, anasakinisha UTM ili aendeshe mashine pepe, anapakua Ubuntu, kisha anasubiri. Mfumo ambao ungewaka ndani ya sekunde chache unachukua dakika kadhaa, na menyu ikibonyezwa hufunguka kwa kusitasita. Anaongeza RAM, hali haibadiliki.

Kasoro haiko kwenye RAM, iko kwenye jina la faili alilopakua. Likiwa na `amd64`, mfumo huo umejengwa kwa ajili ya vichakataji vya Intel na AMD. Chipu ya M1 ni ya jamii ya ARM, na faili lake lingekuwa na `arm64`. Ukifungua teminali ndani ya mgeni, yaani ule mfumo unaoendeshwa ndani ya Mac, na kuandika `uname -m`, jibu `x86_64` litakuthibitishia.

Mgeni wa `arm64` amri zake huenda moja kwa moja kwenye kichakataji, na mwenyeji huingilia kati mara chache tu. Kwa mgeni wa Intel njia hiyo haipo kabisa. QEMU, programu iliyoanzishwa na Fabrice Bellard na ambayo UTM hujengwa juu yake, ikiombwa kutumia njia hiyo kwenye Mac ya M1 hukataa:

```
qemu-system-x86_64: -accel hvf: invalid accelerator hvf
```

Kinachobaki ni uigaji. QEMU husoma amri za mgeni kipande kwa kipande, kila kipande kikiishia pale programu inaporukia mahali pengine. Hukitafsiri kuwa amri za ARM na kukihifadhi, ili kikihitajika tena kisitafsiriwe upya. Ndiyo maana kuwaka kwa mfumo huchosha kuliko kazi nyingine: sehemu kubwa ya amri zake hutumika mara moja tu, na gharama ya kuzitafsiri hairudi. Kazi inayozunguka palepale maelfu ya mara hukimbia vizuri zaidi.

Lakini hata tafsiri iliyokwisha kuhifadhiwa ni nzito. Chukua amri moja ya Intel, `add eax, [rbx]`, inayosema: nenda kwenye anwani iliyomo ndani ya rejista `rbx`, chukua namba iliyoko, ijumlishe na iliyomo katika `eax`. Anwani hiyo ni ya mgeni na Mac haiijui. Kwa hiyo QEMU hukokotoa nafasi yake katika jedwali la anwani, hulinganisha, na ikilingana huongeza tofauti ili kupata mahali halisi kwenye kumbukumbu ya Mac. Isipolingana, kuna safari ndefu zaidi. Kichakataji halisi hufanya upekuzi huu kwa saketi zake chenyewe. QEMU huufanya kwa programu, na huurudia karibu kila mgeni anapogusa kumbukumbu.

Baada ya kujumlisha kuna bendera. Kichakataji cha Intel, kwa amri hiyohiyo moja, huandika kama jibu ni sifuri, kama ni hasi, kama limefurika, na mengine kadhaa. QEMU hukwepa sehemu ya mzigo huu kwa kuhifadhi namba zilizohusika na kukokotoa bendera pale tu zitakapoulizwa, lakini kuhifadhi nako ni kazi. Amri moja inaweza kuzaa kumi na zaidi.

Suala linalosahaulika zaidi ni mpangilio wa kumbukumbu. Intel huahidi kwamba kichakataji kikiandika vitu viwili, vichakataji vingine vitaviona kwa mfuatano uleule. ARM haitoi ahadi hiyo. Kwa sababu hiyo, kwa muda mrefu QEMU ikiiga Intel juu ya ARM ilikuwa ikiviendesha vichakataji vyote vya mgeni kwa zamu, juu ya kiini kimoja tu cha Mac. Ulipompa mgeni viini vinne, bado ulitumia kimoja. UTM ina kitufe cha `Force Multicore`, ila ukikiwasha bila ulinzi wa mfuatano huo, mgeni anaweza kuganda au kuharibu data bila onyo.

Kwa anayejifunza Linux, dawa ni kupakua toleo la `arm64`. Kama shida yako ni programu moja tu ya Intel, tangu macOS Ventura ya 2022 unaweza kuwasha Rosetta ndani ya Linux ya ARM inayoendeshwa kwa mfumo wa mashine pepe wa Apple wenyewe. Rosetta hutafsiri programu hiyo peke yake, huku kiini cha mfumo kikikimbia bila tafsiri, na chipu za Apple zina hali maalumu ya kufuata mpangilio wa kumbukumbu wa Intel. Uigaji kamili uachie kazi isiyo na njia nyingine, kama vile mfumo wa zamani usio na toleo la ARM, na hapo zima mazingira ya picha ufanye kazi kwa teminali.