Makanga mmoja, klipu tatu: jinsi ya kuzuia sura isibadilike

Umeandika stori fupi ya makanga wa matatu, ukaigawa klipu tatu, ukaitupia programu ya akili unde. Ya kwanza iko fiti. Ya pili, makanga amenenepa mashavu na koti la maruni limegeuka jekundu. Ya tatu ana ndevu! Mtazamaji anaona wanaume watatu, na stori imekufa hapo.

Shida ni kwamba programu haikumbuki klipu iliyopita. Veo 3, kwa mfano, hutoa klipu ya hadi sekunde 8, na kila ukibonyeza upya inachora mtu kutoka mwanzo. Ukiiambia "kijana mwembamba, koti la maruni", maneno hayo yanawatosha vijana maelfu, nayo inajichagulia mwingine. Kuongeza maneno hakutakuokoa. Unahitaji picha.

Kabla ya video yoyote, tengeneza picha moja ya makanga wako: anatazama mbele, mwanga wa kawaida, nyuma yake peupe. Mvalishe koti lisilo na maandishi wala maua, kwa sababu herufi na mapambo ndiyo huharibika kwanza. Hiyo sasa ndiyo picha mama.

Halafu, kwa kila klipu, ipe programu ya picha hiyo picha mama na uiambie imweke makanga mahali unapotaka: mlangoni mwa matatu, steji, kibandani akinywa chai. Unapata picha tatu za kuanzia. Rekebisha makosa hapa hapa, maana kurudia picha ni rahisi kuliko kurudia video. Ukiridhika, ndipo uzipe uhai moja moja. Wakati huo eleza mwendo tu: "anapiga bodi mara mbili, anaruka ndani". Ukianza tena kueleza pua na nywele, unaialika programu imchore upya.

Mtego unaonasa wengi ni kuchukua picha ya mwisho ya klipu ya kwanza na kuanzisha nayo ya pili, kisha ya tatu vivyo hivyo. Ni kama kutoa fotokopi ya fotokopi: ngozi inalainika, macho yanasogea kidogo kidogo, na mwishowe ni mtu mwingine. Kila klipu irudi kwa picha mama.

Usiamini jicho video ikicheza. Isimamishe mwanzoni na mwishoni, weka kando ya picha mama, kisha linganisha masikio, mstari wa nywele na vifungo vya koti. Akigeuka akupe kisogo halafu arudi, kagua zaidi, kwa sababu uso unaorudi umekisiwa. Ukiona si yeye, kata klipu kabla hajageuka. Hata sekunde 4 za makanga yule yule zinabeba stori kuliko 8 za mgeni.