Mikunjo Iliyopotea katika Nguo Nyeusi

Katika picha nyingi za kidijitali, mwangaza wa kila nukta hupimwa kuanzia 0, yaani weusi kamili, hadi 255, yaani weupe kamili. Mikunjo ya buibui jeusi hutofautiana kwa ngazi chache tu karibu na sifuri. Programu nyingi za akili bandia, zinapoagizwa kubadili mandhari ya nyuma, huichora picha nzima upya. Hapo tofauti hizo ndogo hupotea, na nguo hubaki kama kivuli kilichokatwa kwa mkasi.

Ili kuthibitisha, mwangaza wa picha huongezwa. Mikunjo ikijitokeza, ilikuwa imefichika tu. Pakibaki doa la rangi moja, imepotea.

Kurudia neno «nyeusi» katika agizo huelekea kuzidisha kasoro. Lifaalo ni kuutaja mwanga: «mwanga laini kutoka ubavuni, unaogusa migongo ya mikunjo na kuacha mabonde yake kivulini, kitambaa cha pamba kisichong'aa». Mwanga wa mbele hufuta vivuli, bali wa ubavuni huvidhihirisha.

Hata hivyo, mikunjo irudishwayo hivyo ni ya kubuniwa. Aitakaye ile ya kweli hana budi kuirejea picha ya asili.