Upepo Unaoruhusiwa

Tarehe 29 Julai 1995, katika mji wa Sestriere ulio juu kwenye milima ya Alpi nchini Italia, Mkuba Iván Pedroso aliruka umbali wa mita 8.96. Rekodi ya dunia ya kuruka umbali wakati huo ilikuwa mita 8.95, iliyowekwa na Mmarekani Mike Powell mjini Tokyo mwaka 1991. Pedroso alikuwa ameipita kwa sentimita moja. Kipimaupepo kilionyesha mita 1.2 kwa sekunde, kiwango kinachokubalika bila ubishi. Gari la Ferrari lilikuwa limetengwa kuwa zawadi ya mwanariadha atakayevunja rekodi ya dunia katika mashindano hayo. Hata hivyo, ukifungua orodha ya rekodi leo utakuta bado ni 8.95, jina ni Powell, na ule mruko wa Sestriere haukuwahi hata kupelekwa kwenye shirikisho la kimataifa ili uidhinishwe.

Picha za video zilionyesha mtu amesimama mbele ya kipimaupepo Pedroso alipokuwa akikimbia kuelekea ubao wa kurukia. Mwili wa mtu ulikuwa umekikinga chombo, kwa hiyo ile 1.2 haikuwa upepo aliokimbia nao Pedroso. Huenda hewa ilikuwa shwari kweli, huenda ilikuwa ikivuma kwa nguvu. Hakuna namna ya kujua, na rekodi haijengwi juu ya huenda. Sestriere haikuwa mahali pa kuaminiwa kwa macho tu. Mwaka 1992 Powell mwenyewe aliruka mita 8.99 palepale, na kipimaupepo kikasoma mita 4.4 kwa sekunde, zaidi ya maradufu ya kiwango. Umbali ule haukuhesabiwa.

Kiwango chenyewe kimekuwa kwenye kanuni tangu miaka ya 1930: upepo unaomsukuma mwanariadha kutoka nyuma usizidi mita 2.0 kwa sekunde. Kinahusu mita 100, mita 200, mbio fupi za viunzi, kuruka umbali na kuruka hatua tatu. Mita 400 haimo, kwa sababu mkimbiaji huzunguka uwanja mzima: upepo uliomsukuma upande mmoja humkabili upande wa pili.

Mkimbiaji hodari, mbio zikiwa zimeshika kasi, hufikia takriban mita 12 kwa sekunde. Kama hewa imetulia, anaigonga kwa kasi hiyohiyo. Akipata upepo wa mita 2 mgongoni, hewa anayoigonga inakuwa kama inakuja kwa mita 10 tu. Ukinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha kasi, kwa hiyo linganisha 144 na 100: karibu theluthi nzima ya mzigo imeondoka. Upepo huohuo ukimjia usoni, namba inapanda hadi 196. Ndiyo maana upepo wa mbele humnyang’anya mkimbiaji zaidi ya kile ambacho upepo wa nyuma wa nguvu ileile humpa. Kwa mwanamume anayekimbia mita 100 kwa sekunde 10, upepo wa mita 2 mgongoni huleta nafuu ya takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Katika fainali kubwa, nafasi hiyo inaweza kumtenganisha mshindi na mtu wa tano.

Jinsi ya kuupima ndilo jambo ambalo watazamaji wengi hawalioni. Katika mbio, kipimaupepo huwekwa kando ya njia ya kwanza, mita 50 kabla ya mstari wa kumalizia, kisizidi mita 2 kutoka ukingo wa njia, kikiwa na kimo cha mita 1.22. Katika mita 100 kinapima kwa sekunde 10 tangu bastola ilie, na katika viunzi kwa sekunde 13. Katika mita 200 kinaanza pale mkimbiaji wa mbele anapoingia kwenye njia iliyonyooka; upepo wa kwenye kona haupimwi kabisa. Kwa warukaji, chombo husimama mita 20 kabla ya ubao, na hupima sekunde 5 tangu mrukaji anapopita alama iliyo mita 40 kutoka kwenye ubao, au mita 35 kwa hatua tatu. Kisha unachukuliwa wastani. Kinachosomwa ni ile sehemu tu ya upepo inayokwenda na mwelekeo wa mbio. Upepo unaokata uwanja kutoka ubavuni hauingii kwenye hesabu.

Wastani huo hupandishwa hadi sehemu ya kumi inayofuata. Upepo wa 2.01 huandikwa 2.1, na rekodi imekufa.

Kwa hiyo uamuzi wote unategemea chombo kimoja, kilichosimama mahali pamoja, kikipima sekunde chache. Kikiwa kimezibwa kama kule Sestriere, dosari inaonekana kwa macho. Tatizo kubwa zaidi ni pale chombo kinapotoa jibu baya huku hakuna mtu aliyesimama mbele yake.

Hilo ndilo linalosemwa kuhusu rekodi ya wanawake ya mita 100. Tarehe 16 Julai 1988, mjini Indianapolis, kwenye mchujo wa Marekani wa kwenda Olimpiki ya Seoul, Florence Griffith-Joyner alikimbia robo fainali ya kwanza kwa sekunde 10.49. Rekodi ya awali, ya Evelyn Ashford, ilikuwa 10.76. Kwenye mbio fupi rekodi hupunguzwa kwa mia moja au mbili za sekunde. Hapa zilipungua 27 kwa mkupuo mmoja. Karatasi ya matokeo iliandikwa upepo 0.0, yaani hewa tuli kabisa.

Lakini uwanja uleule, wakati uleule, wanaume walikuwa wakiruka hatua tatu kwenye njia iliyo sambamba na ile ya mbio, na kipimaupepo chao kilikuwa kikisoma mita 4.3 kwa sekunde. Robo fainali ya pili ya wanawake nayo ilisomwa 0.0. Ya tatu, iliyofuata muda mfupi baadaye, ikasomwa 5.0. Mwanafizikia Nicholas Linthorne alichambua data za siku ile, na katika ripoti yake ya mwaka 1995 alihitimisha kwamba upepo wa mbio ile ulikuwa kati ya mita 5 na 7 kwa sekunde. Kesho yake, kwenye fainali yenye upepo halali wa 1.2, Griffith-Joyner alishinda kwa 10.61. Huo nao ungekuwa rekodi mpya ya dunia, na hakuna anayeutilia shaka.

Waliotetea kipimo walisema huenda upepo ulikuwa ukigeuka na kukata uwanja kwa ubavu, hivyo chombo kikasoma sifuri kihalali. Sikubaliani nao. Ukiweka pamoja chombo cha jirani, robo fainali ya tatu na muda wa fainali ya kesho yake, vyote vinaelekeza upande mmoja. Hata hivyo, 10.49 bado ni rekodi ya dunia, kwa sababu nyaraka zilikuwa kamili: kipimaupepo kilikuwepo, kimesoma namba, waamuzi wametia saini. Kwa Pedroso kulikuwa na picha ya mtu mbele ya chombo. Kwa Griffith-Joyner kulikuwa na hoja za hesabu tu, na shirikisho halikufuta rekodi kwa hoja hizo. Anayeumia ni mkimbiaji wa leo. Elaine Thompson-Herah wa Jamaika alikimbia 10.54 mjini Eugene, Marekani, mwaka 2021, upepo ukiwa 0.9, na bado yuko wa pili kwenye orodha.

Mwinuko ni habari nyingine kabisa. Hewa ya juu milimani ni nyepesi, na hewa nyepesi humkinza mkimbiaji kidogo kuliko hewa ya usawa wa bahari. Mji wa Meksiko uko takriban mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, ambako uzito wa hewa umepungua kwa karibu moja ya tano. Kwenye Olimpiki ya 1968 Bob Beamon aliruka pale mita 8.90 na kuipita rekodi ya zamani kwa sentimita 55. Upepo ulisomwa 2.0, ukingoni kabisa mwa kiwango. Siku moja kabla yake, Viktor Saneyev alikuwa ameweka rekodi ya hatua tatu ya mita 17.39, nayo kwa upepo wa 2.0. Mwaka 1979, mjini humohumo, Mwitalia Pietro Mennea alikimbia mita 200 kwa 19.72, na rekodi hiyo ikadumu miaka 17. Zote ziliidhinishwa. Kanuni za rekodi haziweki kikomo cha mwinuko. Watunza takwimu huandika tu herufi A pembeni ya matokeo yaliyopatikana zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ili msomaji ajue.

Kwetu Afrika Mashariki herufi hiyo si ngeni. Tarehe 18 Septemba 2021, uwanjani Kasarani, Ferdinand Omanyala wa Kenya alikimbia mita 100 kwa 9.77 na kuweka rekodi ya Afrika. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na upepo ulikuwa 1.2 mgongoni. Ukitumia kanuni za hesabu za wanafizikia, upepo ule ulimpunguzia kama mia sita za sekunde na hewa nyepesi kama mia nne au tano. Kwenye hewa tuli ya pwani, mbio ileile ingekuwa karibu na 9.88. Hilo halimwondolei chochote: rekodi yake ni halali kwa kila kipengele cha kanuni. Ila anayemlinganisha na Usain Bolt, aliyekimbia 9.58 mjini Berlin, mji wa tambarare, kwa upepo wa 0.9, afanye hesabu hiyo kwanza.

Kwa maoni yangu ni sawa mwinuko kutowekewa kikomo. Mlima haubadiliki kati ya robo fainali ya kwanza na ya tatu, na wote waliopanga mstari mmoja wanapumua hewa moja. Upepo hubadilika kila baada ya dakika chache, na mtu anaweza kupewa zawadi ambayo mwenzake aliyekimbia kabla yake hakuipata.

Ndivyo ilivyompata Mnigeria Tobi Amusan mjini Eugene, kwenye Mashindano ya Dunia ya Julai 2022. Katika nusu fainali ya mita 100 viunzi alikimbia 12.12 kwa upepo wa 0.9, na hiyo ikawa rekodi ya dunia. Jioni ileile, kwenye fainali, alikimbia 12.06, kasi zaidi kuliko rekodi yake mwenyewe iliyokuwa haijatimiza saa tatu. Kipimaupepo kilisoma 2.5. Medali ya dhahabu alipewa palepale, kwa sababu upepo haugusi nafasi: waliokimbia naye wote walisukumwa nao. Kwenye orodha ya rekodi ukabaki muda wa nusu fainali.