Betri ya lori na usiku wa sola

Malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Kigali na Bujumbura hupita Nyakanazi, hufika Lusahunga wilayani Biharamulo, kisha huingia Ngara kuelekea Rusumo au Kabanga. Lori la volti 24 huwa na betri mbili kubwa, mara nyingi N150 au N200, na zikishindwa kuamsha injini asubuhi zinavuliwa na kuwekwa mpya. Zilizovuliwa hazitupwi. Bado zinawasha taa, bado zinaimbisha redio, kwa hiyo zinapata mnunuzi mwenye paneli ya sola na mfuko mwembamba. Naye fundi asiye na betri iliyotumika humuuzia mteja huyohuyo betri mpya ya gari, kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani na bei yake iko chini. Hoja ya makala haya ni kwamba unafuu huo ni wa siku ya kununua tu. Ukihesabu bei kwa kila usiku ambao betri imetumika, ya gari ndiyo ghali, na sababu iko kwenye unene wa sahani zilizomo ndani.

Betri ya gari na betri ya sola zina vitu vilevile: sahani za risasi, ambazo mafundi huziita pleti, sahani zenye dioksidi ya risasi, na tindikali katikati. Tofauti ni kazi iliyokusudiwa. Stata ya lori hudai mamia ya ampea kwa sekunde chache, na umeme wa wingi huo hutoka pale tu tindikali inapogusa eneo pana la sahani. Kwa hiyo mtengenezaji hubana katika kila seli sahani nyingi nyembamba, unene wake unakaribia milimita moja, na unga wa risasi uliopakwa juu yake huwa na vitundu kama sifongo. Kuamsha injini hula kama asilimia 1 hadi 3 tu ya chaji, kisha altaneta huirudisha mara moja. Betri ya sola, ile inayoitwa dipu saiko, haidaiwi wingi huo. Inadaiwa ampea tano au sita, lakini kwa saa tano mfululizo, kila usiku. Sahani zake ni chache na nene, unga wake umeshindiliwa, wavu wa risasi unaoubeba mara nyingi huchanganywa na antimoni ili kuushika vizuri, na aghalabu kuna mkeka wa nyuzi za kioo unaoukumbatia usimomonyoke.

Mkeka huo unahitajika kwa sababu betri inapotoa umeme, unga wa sahani hugeuka kuwa salfeti ya risasi, na salfeti hiyo huchukua nafasi kubwa zaidi. Kwenye sahani chanya hufikia karibu mara mbili ya ujazo wa awali. Ikichajiwa, hurudi ilivyokuwa. Kila usiku, basi, sahani inavimba, na kila mchana inanywea. Ukitumia asilimia 2 ya chaji, mtikisiko huo haufiki mbali. Ukitumia nusu, unga laini wa sahani nyembamba hulegea na kudondoka chembe kwa chembe hadi chini ya seli. Betri hupoteza uwezo kidogo kidogo, na tope hilo likirundikana hadi kuunganisha sahani mbili, seli nzima inakufa ghafla. Mwenye betri huona taa zikififia mapema kuliko mwezi uliopita, ingawa kipima volti kinaonyesha kwamba jioni ilikuwa imejaa. Hapo mafundi wengi husema betri imelewa maji, kumbe imeliwa sahani.

Chukua nyumba moja ya kawaida: balbu nne za wati 5 na televisheni ya wati 40, zote kwa saa tano. Hizo ni wati-saa 300. Ukiongeza kinachopotea kwenye inveta unafika kama 350, yaani ampea-saa 30 hivi kwa betri ya volti 12. Betri ya ampea-saa 60 itatumika nusu kila usiku. Kwa kipimo kinachokubalika katika fani hii, betri ya stata ikitumiwa hivyo hudumu mizunguko 100 hadi 120. Dipu saiko ya ukubwa uleule hudumu 400 hadi 500. Ya kwanza imekwisha ndani ya miezi minne. Ya pili inavuka mwaka. Maana yake ni kwamba dipu saiko ingebidi iuzwe zaidi ya mara nne ya bei ya betri ya gari ndipo mteja apate hasara. Na akijaliwa kununua ya ampea-saa 100, akatumia asilimia 30 tu, mizunguko inaweza kupita 1,000, karibu miaka mitatu.

Mtu atasema: kwa nini basi jirani ana betri ya lori mwaka wa pili sasa na haijafa? Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake linathibitisha hesabu badala ya kuivunja. N200 nzima inayowasha balbu mbili na kuchaji simu haitumiki hata asilimia 10, kwa hiyo inaishi maisha yake ya barabarani. Vivyo hivyo dukani kwenye umeme wa gridi, ambako betri husubiri tu katiko la nusu saa. Shida ni kwamba betri ya lori iliyokwishavuliwa si ya ampea-saa 200 tena. Sahani zake zimeshapungua, na nusu ya uwezo uliobaki ikitumika kila usiku inamalizika upesi kuliko mpya. Isitoshe, paneli ndogo ya wati 50 haiwezi kuijaza betri kubwa namna hiyo. Ikikaa siku nyingi bila kujaa, hasa masika, salfeti hugeuka fuwele ngumu zisizorudi kuwa unga. Paneli hiyo ingeiua hata dipu saiko, tena ya bei mbaya, na hapo mteja angelaumu duka bure.

Kosa la upande wa pili lipo, ila ni nadra. Dipu saiko ikifungwa kwenye lori, sahani zake chache haziwezi kutoa mamia ya ampea, volti zinaporomoka na stata inazunguka kwa kusuasua. Lakini dereva aliyelala foleni Rusumo na friji ndogo, muziki na chaja vikiendeshwa na betri za injini ameshafanya kosa letu lilelile akiwa barabarani: amezigeuza za stata kuwa za sola, kwa usiku mmoja au tano.

Pingamizi zito ni la fedha taslimu. Asiyekuwa na bei ya dipu saiko leo hawezi kuambiwa asubiri gizani, na hesabu ya usiku kwa usiku haimpi mkopo. Hilo halipingiki. Ila anaweza kununua ya gari na kujiwekea mpaka: kidhibiti chaji kikate umeme volti zikishuka hadi 12.2, ambazo kwa betri iliyotulia ni karibu nusu, badala ya kuiacha inveta ikamue hadi 10.5. Akiishia robo, ataongeza miezi. Na dukani asiridhike na neno “Solar” lililobandikwa ubavuni. Lebo inayojisifia CCA, yaani ampea za kuamsha injini, inasema yenyewe ni betri ya nini. Pasipo lebo, aombe mizani: kati ya betri mbili za ampea-saa sawa, yenye sahani nene ndiyo nzito, na uzito huo utalipwa tena siku muuza vyuma chakavu atakapoipima kwa kilo.