Mikataba inapokwisha muda, fahirisi hutulia au huchafuka

Siku nyingine fahirisi ya S&P 500 ya Marekani hung'ang'ania namba moja mchana kutwa, na habari kubwa zikitoka haitikisiki. Kiini mara nyingi kiko kwenye mikataba ya chaguo. Hii humpa mwenye nayo haki ya kununua au kuuza fahirisi kwa bei iliyokubaliwa, na tangu 2022 ipo inayokwisha kila siku ya kazi.

Upande wa pili wa mikataba hiyo husimama kampuni za kati, ambazo kazi yake ni kumnunulia anayeuza na kumuuzia anayenunua. Hazitaki kubahatisha soko liende wapi, kwa hiyo hujikinga kwa mikataba ya fyucha.

Tuseme fahirisi iko 5,000, na zimebaki kama siku tatu. Wateja wameiuzia kampuni mikataba 1,000 ya haki ya kununua kwa bei hiyohiyo. Kila mkataba una thamani ya dola 100 kwa pointi, na kwa sasa hufuata nusu ya mwendo wa fahirisi. Fyucha moja ni dola 50 kwa pointi, hivyo kampuni huuza fyucha 1,000. Fahirisi ikipanda pointi 20, mikataba huanza kufuata asilimia 60 ya mwendo, na kinga inayotakiwa ni fyucha 1,200. Kampuni huuza 200 zaidi. Ikirudi 5,000, huzinunua tena. Bei ikipanda inauza, ikishuka inanunua: soko linapata breki bila mtu kukusudia.

Kasi hiyo ya kubadilika kwa kinga ndiyo gama. Saa ya mwisho kabla ya soko kufungwa, pointi 5 tu huleta badiliko lililohitaji 20 hapo awali, mradi fahirisi iko karibu na bei ya mkataba. Ikiwa mbali, gama hufifia kabisa.

Sasa geuza. Wateja wenye hofu wamenunua haki ya kuuza, na kampuni ndizo zilizowauzia. Soko likishuka, zinalazimika kuuza fyucha na kulisukuma chini zaidi, likipanda, zinanunua. Oktoba 19, 1987, bima za hisa zilizofuata kanuni hiyo ya kuuza bei ikishuka zilichangia Dow Jones kuanguka asilimia 22.6 kwa siku moja.

Muda ukiisha, kinga hufumuliwa. Breki ikitoka, fahirisi iliyotulia wiki nzima inaweza kuchangamka bila habari mpya.

Wapo wanaouza namba ya gama ya soko zima. Mimi naipokea kwa tahadhari. Soko hutangaza mikataba mingapi iko wazi, halisemi kampuni zimesimama upande gani. Wengi hukisia kwamba zimenunua haki za kununua na kuuza zile za kuuza. Isitoshe, hesabu hiyo hutoka asubuhi, na mkataba uliofunguliwa na kufungwa siku hiyohiyo haumo.