Printa Moja, Kompyuta Nne

Epson L3110 ina tundu moja tu la kuiunganisha na kompyuta, nalo ni la waya wa USB. Haina Wai-Fai, haina pa kuchomeka waya wa mtandao. Ukiinunua kwa ofisi ya watu wanne, mmoja atachapa akiwa amekaa kitini na watatu watazunguka na flashi mkononi, wakimwomba mwenzao asogee kidogo. Wengi huvumilia hali hiyo miaka na miaka wakidhani dawa yake ni kununua printa nyingine, ilhali Windows ina uwezo wa kuzifungulia kompyuta zote njia ya kufika kwenye printa hiyohiyo, bila kununua chochote.

Kabla ya kubofya popote ni vizuri kujua kinachofanyika, kwa sababu karibu kila tatizo litakalokuja baadaye linatoka hapo. Printa ya namna hii haiingii kwenye mtandao hata ukiisambaza. Inabaki kuwa chumba cha uani ambacho mlango wake pekee unapitia sebuleni kwa mtu. Kompyuta iliyochomekwa waya ndiyo inayopokea kazi za wengine, inaziweka kwenye foleni, kisha inazipeleka kwa printa moja baada ya nyingine. Kompyuta hiyo ikizimwa, ikisinzia au ikikataa wageni, wenzake hawachapi, hata kama printa yenyewe inawaka taa ya kijani.

Tuchukue ofisi ndogo ya uwakala wa forodha mjini Tanga. Mapokezi kuna kompyuta ya mezani yenye printa. Chumba cha ndani kuna mbili za mezani, na meneja ana laptopu. Zote zinatumia Windows 11 na zote zimeunganishwa na ruta moja, nyingine kwa waya, nyingine kwa Wai-Fai. Mchanganyiko huo hauna neno, mradi ruta ni ileile.

Kazi inaanzia mapokezi, na jambo la kwanza ni jina. Kompyuta nyingi hutoka dukani na majina kama DESKTOP-7K2Q9, ambayo hakuna anayeyakumbuka. Nenda Settings, kisha System, ubofye Rename this PC, uiite MAPOKEZI, halafu uiwashe upya. Jina liwe fupi, lisizidi herufi 15, wala lisiwe na nafasi katikati. Tutalitumia jina hili badala ya namba ya mtandao, kwa kuwa namba hiyo hugawiwa na ruta na inaweza kubadilika umeme ukikatika na kurudi.

Pili, Windows ijue kwamba mtandao wa ofisi ni wa watu wanaoaminiana. Kompyuta inapojiunga na mtandao mpya huuchukulia kama wa hadharani, sawa na ule wa hotelini au stendi, na kwenye mtandao wa hadharani haimfungulii mtu. Fungua Settings, Network & internet, ingia kwenye sifa za mtandao unaoutumia na uchague Private network. Ukimaliza, humohumo Network & internet nenda Advanced network settings, kisha Advanced sharing settings, na chini ya Private networks uwashe Network discovery pamoja na File and printer sharing. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na kuirukia kuna dalili yake: kila kitu kimewekwa sawasawa lakini kompyuta nyingine haziioni MAPOKEZI kabisa.

Sasa printa yenyewe. Ndani ya Settings fungua Bluetooth & devices, kisha Printers & scanners, bofya printa yako, uchague Printer properties. Kuna kichupo kiitwacho Sharing. Tia alama kwenye Share this printer, na kwenye Share name andika neno moja rahisi, tuseme Epson. Usiliache lile refu linalojiandika lenyewe, maana huenda siku moja ukahitaji kuliandika kwa mkono.

Linabaki swali la nani anaruhusiwa kubisha hodi. Windows inataka anayekuja kupitia mtandao awe na akaunti yenye nenosiri kwenye kompyuta anayoiendea. Akaunti isiyo na nenosiri, kama zilivyo nyingi za mapokezi, hukubaliwa tu kwa aliyekaa mbele ya kioo. Anayetokea mtandaoni hukataliwa. Mafundi wengine hukwepa jambo hili kwa kuzima ulinzi wa nenosiri moja kwa moja. Mimi siupendi mtindo huo, kwa sababu ulinzi unaozimwa unahusu pia mafaili yanayosambazwa, sio printa peke yake. Njia safi ni kutengeneza akaunti moja ya kuchapia tu. Kwenye kompyuta ya mapokezi fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike:

```
net user uchapaji * /add
```

Utaulizwa nenosiri mara mbili. Herufi hazitaonekana unapoziandika; ndivyo ilivyo, endelea tu.

Nenda sasa chumba cha ndani. Kwenye kila kompyuta weka kwanza draiva ya printa hiyo, ile ya kutoka kwa mtengenezaji. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, uandike `\\MAPOKEZI`, ubonyeze Enter. Ukiulizwa jina andika `MAPOKEZI\uchapaji`, uweke nenosiri lile, utie alama kwenye Remember my credentials. Dirisha litafunguka likiwa na ikoni ya Epson. Ibofye kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Connect, kisha chapa ukurasa wa majaribio. Ukitoka, kazi imeisha kwa kompyuta hiyo.

Usipotoka, usianze kubofya ovyo. Uliza kwanza kama kompyuta hizo mbili zinasikiana. Kwenye Command Prompt ya kompyuta inayoshindwa andika `ping MAPOKEZI`. Majibu yanayoanza na Reply from yakirudi, njia ipo, na tatizo liko kwenye nenosiri au draiva. Yasiporudi, tatizo ni la mtandao na hakuna haja ya kuigusa printa. Kwa ofisi yetu ya Tanga mtu wa kwanza kushukiwa ni meneja na laptopu yake. Huenda bando la ofisi liliisha jana, akaunganisha laptopu na simu yake, na mpaka leo iko kwenye mtandao wa simu. Au fundi aliyefunga ruta alimpa Wai-Fai ya wageni, ambayo kwenye ruta nyingi hutoa intaneti lakini hutenga vifaa visionane. Laptopu itafungua barua pepe vizuri kabisa, ila MAPOKEZI kwake haipo.

Kuna kosa moja linalohitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu limewatoa jasho watu wengi: unabofya Connect na Windows inakujibu kwa namba 0x0000011b. Chanzo chake ni mwaka 2021. Katikati ya mwaka huo ilijulikana hadharani kwamba huduma ya Windows inayosimamia foleni za kuchapa ilikuwa na upenyo uliomwezesha mvamizi kuitawala kompyuta. Upenyo huo ukaitwa PrintNightmare. Microsoft ilibana mambo kwa awamu. Kuanzia Agosti, kuweka draiva ya printa kutoka kompyuta nyingine kukawa kunahitaji idhini ya msimamizi. Mwezi Septemba mazungumzo kati ya kompyuta na printa iliyosambazwa yakalazimishwa kuwa ya siri zaidi, na kompyuta zilizokuwa hazijasasishwa zikaanza kukataliwa na zile zilizosasishwa. Ndipo namba hiyo ilipoanza kuonekana kwenye maofisi.

Dawa ya kwanza ni kusasisha Windows kwenye kompyuta zote, ya mapokezi ikiwemo. Mitaani utakutana na dawa nyingine, ya kuingia ndani ya rejista na kuweka sifuri kwenye RpcAuthnLevelPrivacyEnabled. Inafanya kazi, ndiyo, lakini inaurudisha udhaifu ulioletewa kinga. Nafuu kuzungukia kwa njia ya tatu. Kwenye kompyuta inayoshindwa, anza kuongeza printa kwa mkono, chagua Add a local printer or network printer with manual settings, halafu Create a new port ya aina ya Local Port. Ukiulizwa jina la bandari andika:

```
\\MAPOKEZI\Epson
```

Kisha chagua ile draiva uliyokwisha kuiweka. Kwa njia hii kompyuta inaichukulia printa kama yake, inatumia draiva yake yenyewe, na kilichobaki ni kupeleka kazi mapokezi.

Siku mbili tatu zikipita printa huanza kuonekana Offline bila sababu, hasa baada ya chakula cha mchana. Mara nyingi sababu ni kwamba dada wa mapokezi ametoka na kompyuta yake imesinzia. Iambie isisinzie inapokuwa kwenye umeme:

```
powercfg /change standby-timeout-ac 0
```

Kioo kinaweza kuzimika, haidhuru. Wala si lazima mtu awe ameingia kwenye akaunti yake, kwani huduma ya foleni huanza kompyuta inapowaka, hata ikiwa imesimama kwenye ukurasa wa nenosiri. Umeme ukirudi asubuhi, yeyote aliyewahi abonyeze tu kitufe cha kuwashia. Hii pia ndiyo sababu printa isiwekwe kwenye laptopu ya meneja: akifunga kifuniko na kwenda bandarini, ofisi nzima imekwama.

Tatizo lingine hutokea siku ya usafi. Mtu anachomoa waya wa USB na kuurudisha kwenye tundu la pembeni yake. Kwa baadhi ya printa, Windows huona hiyo ni printa mpya na kuiongeza kwenye orodha ikiwa na maneno Copy 1. Mapokezi wanachapa kwa hiyo mpya bila kugundua chochote, huku wenzao wakiendelea kupeleka kazi kwa ile ya zamani ambayo tundu lake sasa ni tupu. Rudisha waya kwenye tundu lake la awali, na ulitie alama kwa kipande cha selotepu.

Foleni nayo hukwama. Faili moja bovu likikaa mbele, yote ya nyuma yatasubiri, na kuzima printa hakusaidii kwa sababu kazi zimehifadhiwa kwenye diski ya MAPOKEZI. Zifute hapo, kwenye Command Prompt ya msimamizi:

```
net stop spooler
del /Q C:\Windows\System32\spool\PRINTERS\*.*
net start spooler
```

Waambie wenzako kabla, maana kazi za wote zinafutika.

Kuna kimoja ambacho mpangilio huu haukupi, nacho ni skana. L3110 inachapa, inaskani na inatoa nakala, lakini kinachosambazwa ni kuchapa tu. Mwenye nyaraka ya kuskani bado ataenda nayo mapokezi, aiskani hapo, na faili alihifadhi kwenye folda iliyosambazwa ili alichukue akiwa mezani kwake. Ofisi inayoskani kutwa nzima ni bora itafute printa yenye Wai-Fai au tundu la waya wa mtandao, ambayo inaingia kwenye ruta yenyewe na haimtegemei aliyekaa mapokezi.